Kabla ya kutuma pesa za matuta, uliza mteremko ni asilimia ngapi

Wengi wetu tulio hapa Dubai tuna kipande cha shamba nyumbani, na mara nyingi kipande hicho kiko mlimani. Mvua za Novemba zikikaribia, ujumbe wa sauti huanza kuingia: udongo unaondoka, tuma pesa tuchimbe matuta. Kazi hiyo hulipwa kwa mita, kwa hiyo bei yote inategemea swali moja: tuta moja na jingine yaachane kiasi gani? Jibu haliko kwa fundi wala kwako. Liko kwenye mteremko wenyewe.

Nitaeleza kwa mfano wa shamba letu kule Makueni. Lina upana wa mita 50 na linashuka mita 105 kutoka juu hadi chini. Fundi alitaka kuweka tuta kila mita 5, yaani matuta 21, jumla ya mita 1,050 za kuchimba. Jirani alisema kila mita 20 inatosha. Kaka yangu hakujua amfuate nani, nami nikamwambia tupime kwanza.

Kupima hakuhitaji mtaalamu. Unahitaji kamba ya mita 10, fito mbili za urefu sawa, na ile pima maji ndogo ya waashi inayoning'inizwa katikati ya kamba. Mmoja anasimama juu na ufito wake, mwingine chini. Kamba inafungwa kwenye ncha ya ufito wa chini, kisha wa juu anaiteremsha kwenye ufito wake hadi pima maji ionyeshe kuwa imelala sawa. Kiasi alichoteremsha ndicho tofauti ya kimo. Ikiwa ni mita 1.6 ndani ya mita 10, mteremko ni asilimia 16.

Hapa kuna mtego wa simu. Mpwa wangu aliweka simu juu ya ubao, akatuma picha inayoonyesha 9. Ile ni digrii, si asilimia. Digrii 9 ni karibu asilimia 16, na digrii 45 ni asilimia 100. Ukiichukua 9 kama asilimia, utaachanisha matuta kwa zaidi ya mita 14 mahali panapotaka 11, na maji yatapata nafasi ya kushika kasi kabla ya kuzuiwa.

Kwa matuta ya fanya juu, wataalamu wa Kenya wametumia kwa miaka mingi hesabu hii rahisi: gawanya asilimia ya mteremko kwa 4, ongeza 2, kisha zidisha kwa 0.3. Jibu ni mita za kimo kutoka tuta hadi tuta. Ili kupata umbali wa ardhini, zidisha kimo hicho kwa 100, ugawanye kwa asilimia ya mteremko.

Shamba letu lilipopimwa lilionekana kuwa na sehemu mbili. Mita 45 za juu zina mteremko wa asilimia 16. 16 kwa 4 ni 4, ongeza 2 upate 6, mara 0.3 ni kimo cha mita 1.8. Umbali ni mita 11.25, kwa hiyo sehemu hiyo inapata matuta manne. Mita 60 za chini zina asilimia 8. Kimo ni mita 1.2, umbali ni mita 15, nazo zinapata matuta manne. Jumla ni matuta manane, yaani mita 400. La kwanza haliwekwi ukingoni kabisa mwa juu, bali umbali mmoja kamili chini yake. La mwisho tulilisogeza juu kidogo ili mtaro usimwangukie jirani.

Kwa nini tusichimbe mengi zaidi kwa usalama? Kwa sababu tuta linakula ardhi. Mtaro wa fanya juu una upana wa sentimita 60 na kina kama hicho. Udongo wake hurushwa upande wa juu, na katikati huachwa ukanda mtupu wa sentimita 20 hivi ili udongo usirudi mtaroni. Tuta lenyewe lina kitako cha mita moja. Ukijumlisha ni karibu mita 2. Ukiweka tuta kila mita 5, sehemu mbili kwa tano za shamba hazilimiki tena kwa mahindi. Kisha unafukua udongo wa chini usio na rutuba na kuutandaza mahali pengi. Milima ya Uluguru, Tanganyika, iliwahi kupitia jambo la namna hii: serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu kukata ngazi pana kwenye udongo mwembamba, rutuba ikafukiwa, na mwaka 1955 hasira zikazuka kuwa ghasia. Fanya juu haikati ngazi kwa siku moja. Udongo unaoteremka hukusanyika nyuma ya tuta, tuta linainuliwa kila msimu, na ngazi inajijenga yenyewe kwa miaka.

Umbali ukishajulikana, inabaki kuchora mstari. Kamba na pima maji ileile hutumika, safari hii mkikata mlima badala ya kuushuka. Kigingi kinapigwa kila mahali ambapo fito mbili ziko kimo kimoja. Mstari utapinda kufuata mlima, na hautakuwa sambamba kabisa na wenzake. Usikubali fundi aunyooshe kwa macho ili upendeze. Nyoosha vigingi viwili vitatu vilivyoruka tu.

Makueni ni pakavu, kwa hiyo tunataka maji yabaki. Mtaro unachimbwa bapa na ncha zake zinafungwa. Kama kwenu ni Lushoto au Kigezi, ambako mvua ni nyingi, mtaro hupewa mwinamo mdogo kuelekea njia ya maji iliyooteshwa nyasi, la sivyo utafurika. Popote ulipo, kama maji ya barabara yanaingia kutoka juu, yakingwe kwanza kwa mtaro wa pekee. Hesabu yetu inahusu mvua inayoangukia shamba lenyewe, si ya kijiji kizima.

Pia kuna mpaka. Udongo ukiwa haufiki sentimita 60 kabla ya mwamba, fanya juu haifai. Afadhali kuta za mawe au mikanda ya nyasi. Na kanuni za kilimo za Kenya za mwaka 1965 ziliweka asilimia 35 kuwa kikomo cha kulima. Juu ya hapo, panda miti.

Kazi yetu ilipokwisha, niliomba kitu kimoja: video ya kila mtaro saa moja baada ya mvua kubwa ya kwanza. Maji yakisimama kwa kina kimoja kutoka mwanzo hadi mwisho, mstari ni sawa. Kwenye mtaro wa tatu yalijaa upande mmoja huku upande wa pili ukiwa mkavu. Hapo ndipo tuta lingekatika, na maji yake yangevunja yote ya chini. Kaka aliacha vizuizi vya udongo ndani ya mtaro kila mita chache, vikiwa vifupi kuliko tuta, akainua tuta upande ulioinama, kisha akapanda nyasi za nepia juu yake. Mvua iliyofuata maji yalibaki yamegawanyika, kila chumba na chake.