Mstari wa Kwanza Hauna Kosa

Tumchukue mama mmoja mwenye duka la viatu Kariakoo. Ana aina 180 za bidhaa: viatu vya kiume 70, vya kike 60, vya watoto 40, na vikorokoro 10 kama kiwi, brashi na soli za ndani. Ameamua kuuza mtandaoni, na soko la mtandaoni limempa jedwali la Excel lenye kolamu zake: Namba ya bidhaa, Jina, Kundi, Bei, Idadi, Saizi, Msimbopau na Picha. Kuingiza bidhaa mojamoja kungemla wiki nzima, kwa hiyo anajaza jedwali, analihifadhi kama faili la CSV, kisha analipakia lote kwa mkupuo. Baada ya dakika moja anajibiwa hivi:

```
Row 1: null value in column "category_id" of relation
"products" violates not-null constraint
```

Maneno hayo ni ya hifadhidata ya PostgreSQL, na hayakuandikwa kwa ajili yake. Yaliandikwa kwa fundi. Kinachoelezwa ni kwamba bidhaa fulani haina kundi, na kundi ni sehemu ya lazima. Tuseme mama ana mpwa anayejua Kiingereza, akamtafsiria. Wanafungua faili, wanatazama mstari wa 1, na kilichopo pale ni vichwa vya kolamu tu. Hakuna bidhaa pale, wala kosa.

Hapo pana tatizo dogo la kuhesabu ambalo limewapotezea watu wengi saa nyingi. Programu iliondoa kwanza mstari wa vichwa, kisha ikaanza kuhesabu bidhaa kutoka sifuri, kama programu nyingi zinavyofanya. Kwake, bidhaa ya kwanza ni 0 na ya pili ni 1. Kwa mama, bidhaa ya pili iko mstari wa 3, maana ndiyo namba anayoiona ubavuni mwa jedwali lake. Tofauti ni mbili tu, lakini katikati ya faili tofauti ya mistari miwili inamfanya mtu arekebishe kiatu kisicho na kosa na kukiacha chenye kosa. Kukiwa na mistari mitupu ambayo programu iliiruka bila kuihesabu, tofauti inazidi kadiri unavyoshuka. Ripoti inayofaa hutaja namba ya mstari kama ilivyo kwenye Excel, na kando yake hutaja namba ya bidhaa na jina, kwa sababu muuzaji akishapanga jedwali upya kwa bei, namba za mistari zote zinahama.

Kosa lenyewe lilitoka wapi? Mama alijaza jedwali kama anavyojaza daftari la duka. Daftarini ukiandika “Viatu vya kiume” juu, vyote vilivyo chini yake vinaeleweka. Kwenye Excel akaunganisha visanduku kwa kitufe cha Merge & Center, likatokea sanduku moja refu lenye kichwa kimoja, safi kabisa machoni. Ila Excel inapounganisha visanduku, thamani hubaki kwenye kisanduku cha juu peke yake. Vya chini ni vitupu. Faili lilipogeuzwa CSV, kundi likabaki kwenye mistari minne tu: wa 2, wa 72, wa 132 na wa 172. Mistari 176 iliyobaki haikuwa na kundi.

Na programu ile husimama kwenye kosa la kwanza. Mama akirekebisha mstari wa 3 na kupakia tena, ataambiwa habari ya mstari wa 4. Akirekebisha huo, wa 5. Ndiyo maana ukaguzi unatakiwa ufanyike kabla data haijagusa hifadhidata, faili lote lisomwe hadi mwisho, na makosa yote yakusanywe pamoja. Hifadhidata ni mlinzi wa mlango wa mwisho. Kazi yake ni kukataa, si kueleza.

Lakini kukusanya makosa yote bila akili nako kuna balaa lake. Tufanye hesabu kwa faili hili. Makundi yanayokosekana ni 176. Bei zote 180 ameziandika “25,000/=” au “18,500/=”, na programu inataka tarakimu tupu. Saizi haipo kwenye vile vikorokoro 10. Idadi imeonekana “tupu” kwenye mistari 6. Misimbopau 25 haikubaliki. Picha moja haipo. Jumla ni makosa 398. Ukimpa mwenye duka orodha ya makosa 398, atafunga kompyuta na kurudi dukani, na mimi simlaumu.

Sasa tuyapangue. Bei 180 hazikuwa kosa la kumrudishia mtu. “25,000/=” ina maana moja tu kwa kila anayeishi hapa, kwa hiyo programu iondoe koma na alama ya shilingi yenyewe, ihifadhi 25000, na kumjulisha muuzaji kwa sentensi moja kwamba imefanya hivyo. Kanuni ninayoipenda ni hii: kisafishwe kile tu chenye maana moja. Akiandika “25.000” programu isibahatishe, kwa sababu kuna anayetumia nukta kutenganisha maelfu na kuna anayetumia nukta kwa desimali. Hapo muulize.

Saizi 10 ni kosa la aliyeandika kanuni. Aliweka saizi kuwa ya lazima kwa kila bidhaa, akasahau kwamba kopo la kiwi halina saizi 42. Sehemu nyingi za lazima huwa za lazima kwa masharti: saizi inatakiwa ikiwa kundi ni viatu. Hii inaleta jambo jingine. Bidhaa isipokuwa na kundi, programu haiwezi kujua kama saizi ni ya lazima au la, kwa hiyo inyamaze kuhusu saizi mpaka kundi lijulikane. Kosa moja lisizae makosa ya kudhania.

Zile idadi 6 zinachekesha. Mama aliandika 0, maana viatu hivyo vimeisha na anasubiri mzigo. Programu ikasema hakujaza. Katika lugha ya PHP, jambo hili hutokea ukiuliza kama kisanduku ni kitupu kwa njia ya mkato:

```
empty("0")   // true
```

Kwa PHP, sifuri iliyoandikwa na kisanduku kisichoandikwa kitu ni mamoja. Kwa mwenye duka, la kwanza ni jibu na la pili ni ukimya. Upo pia upande wa pili wa jambo hilo: kisanduku chenye nafasi moja iliyobonyezwa kwa bahati mbaya kinaonekana kitupu machoni, lakini programu inakiona kimejaa. Na wapo wanaoandika kistari “-” au neno “hakuna” ili wapite. Ukaguzi unaouliza tu “kuna kitu?” utawapitisha, na kesho dukani mtandaoni kutakuwa na kiatu kinachoitwa kistari. Kwa hiyo kwanza ondoa nafasi za pembeni, kisha uliza kama kilichobaki ni jibu la swali la kolamu ile.

Misimbopau ndiyo iliyonivutia zaidi, kwa sababu hapo mama hana kosa na programu ya ukaguzi haina kosa. Viatu 25 vya kiwanda cha hapa nchini vina namba ya tarakimu 13 chini ya vile vistari vyeusi. Tuchukue ya mfano: 6201234567893. Tarakimu 620 za mwanzo ni za namba zilizotolewa Tanzania. Za Kenya huanza na 616. Excel ikiona tarakimu nyingi namna hiyo kwenye kisanduku cha kawaida, huifupisha na kuonyesha 6.20123E+12. Ndani ya faili lake yenyewe namba bado ni nzima. Ukihifadhi kama CSV, kinachoandikwa ni kile kinachoonekana, na programu inayopokea inasoma 6201230000000. Viatu vyote 25 vya kiwanda hicho vinakuwa na namba moja.

Programu inajuaje kwamba hiyo si namba halali, ilhali ina tarakimu 13 kamili? Tarakimu ya mwisho ni ya ukaguzi. Chukua zile 12 za mwanzo, jumlisha za nafasi ya kwanza, ya tatu, ya tano na kuendelea. Jumlisha zilizobaki, zidisha jumla hiyo mara tatu. Unganisha jumla mbili hizo. Kwa namba nzima tunapata 26 na 81, jumla 107. Kufikia 110 kunahitajika 3, na kweli namba inaishia na 3. Kwa namba iliyoharibika tunapata 8 na 18, jumla 26. Ilipaswa iishie na 4, nayo inaishia na 0. Imekataliwa.

Lakini kumwambia mama “tarakimu ya ukaguzi si sahihi” ni kumrudisha kulekule. Atakagua boksi la kiatu, aone namba ni ileile aliyoandika, na akasirike kwa haki. Anachohitaji kuambiwa ni kwamba Excel imezifupisha namba zake. Arudi kwenye jedwali la awali, si lile la CSV, achague kolamu ya Msimbopau, aiweke katika mtindo wa Number usio na desimali, kisha ahifadhi upya. Kwenye faili la CSV tarakimu zimekwisha potea na hakuna wa kuzirudisha. Soko likikubali kupokea faili la Excel moja kwa moja, maradhi haya yanaisha yenyewe.

Basi yale 398 yamebaki mambo matatu, na ripoti ya mama inaweza kutosha kwenye kioo cha simu:

“Bidhaa 180 zimesomwa. Bei zote tumezisafisha, huna la kufanya. Mambo 3 yanakusubiri. Kwanza, Kundi: mistari 176 haina kundi, kuanzia mstari wa 3. Inaonekana umeunganisha visanduku. Vitenganishe, uandike kundi kwenye kila mstari.” Na kadhalika kwa misimbopau na picha.

Pamoja na ripoti hiyo anarudishiwa faili lake mwenyewe, limeongezewa kolamu moja mwanzoni iitwayo “Cha kurekebisha”. Visanduku vyenye kasoro vikipakwa rangi ni vizuri, ila faili hilo liwe la Excel, kwa kuwa CSV haibebi rangi hata moja. Na maneno yawepo hata kama rangi ipo.

Kuna ambayo ukaguzi hauyaoni. Kiatu cha 25,000 kikiandikwa 2,500, sehemu ya lazima imejazwa, tarakimu ni tarakimu. Programu inaweza tu kuona kwamba viatu vingine vya kundi hilo havishuki chini ya 15,000, na kuuliza. Hilo ni onyo, si kosa. Lisizuie faili kupita, maana huenda mama yuko kwenye punguzo la bei.

Mara ya pili bidhaa 179 ziliingia. Soko halikuzirudisha zote kwa sababu ya moja, na kwa kuwa kila bidhaa ina namba yake, faili likipakiwa tena hakuna kitakachoingia mara mbili. Mstari uliobaki ulirudi na maneno haya: “Mstari wa 158, WT-027, Raba nyeupe za watoto: picha haipo. Weka picha, kisha upakie tena.” Picha ilikuwa kwenye simu ya mpwa.