Pointi Zako, Pesa za Nani?

Ujumbe huja usiku kwenye WhatsApp: picha ya muamala wa shilingi milioni mbili, chini yake maneno, "Dada, hii ni ya mwezi huu tu." Anayetuma ni mtu unayemfahamu, wa kwaya au wa kikoba. Anauza losheni na lipstiki za kampuni isiyo na duka, na anataka uingie kwenye timu yake. Huenda picha ile ni ya kweli kabisa. Ila muamala unaonyesha pesa iliyoingia, hauonyeshi ametoa kiasi gani kununua mzigo ili aipate.

Tuchukue ofa ya mfano, ya Dar es Salaam. Kifurushi cha kuanzia, chenye katalogi, sampuli na begi, ni shilingi 60,000. Mwanachama hununua kwa punguzo la robo ya bei, kwa hiyo losheni ya 20,000 anaipata kwa 15,000. Ili abaki hai, yaani astahili kamisheni, lazima kila mwezi afikishe pointi ambazo ni sawa na oda ya 300,000. Hizo ni losheni 20. Akiziuza zote kwa bei ya katalogi, atapata faida ya 100,000, na hiyo ndiyo hesabu inayoandikwa ubaoni siku ya semina.

Mtaani mambo huenda hivi. Anauza losheni 14. Tisa zinatoka kwa bei kamili, tano kwa 18,000 kwa sababu shemeji na jirani hawanunui bila kupunguziwa. Kati ya hizo tano, mbili amekopesha, na mwisho wa mwezi umepita bila kulipwa. Pesa taslimu mkononi ni 234,000. Toa bodaboda za kupelekea wateja 25,000, toa bando na makato ya kutuma pesa 12,000, zinabaki 197,000. Alitoa 300,000. Kabatini zimebaki losheni sita, ambazo hata ukizihesabu kwa bei aliyonunulia, bado ana hasara ya 13,000. Wadeni wakilipa, atakuwa na faida ya 23,000 kwa mwezi mzima wa jioni alizotembea, na 60,000 za kifurushi hazijarudi. Tarehe moja anatakiwa aagize tena, na zile sita ziko palepale.

Ukitaka kujua kama kipato unachoahidiwa kinawezekana, anzia mwisho urudi nyuma. Kubakiwa na 150,000 kwa mwezi baada ya gharama kama hizo kunahitaji kuuza losheni 38 kwa bei kamili, bila deni hata moja. Kama chupa moja humchukua mteja miezi miwili, unahitaji wateja wa kudumu wapatao 76. Hesabu majina kwenye simu yako, uwaondoe wanaouza bidhaa hiyohiyo.

Hapo ndipo kiongozi wako atakwambia siri haiko kwenye kuuza, iko kwenye timu. Watu kumi chini yako, kila mmoja akiagiza 300,000, kwa kamisheni ya asilimia 5 unapata 150,000. Ni kweli. Lakini ona kamisheni inakokotolewa kwenye nini: kwenye oda zao, siyo kwenye chupa zilizomfikia mtu wa kupaka. Losheni sita zilizolala kabatini kwa kila mmoja wao zimekulipa tayari.

Suala hili lilishafika mbele ya sheria. Mwaka 1975 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliamua kwamba Koscot, kampuni ya vipodozi, ilikuwa ikiendesha mpango wa piramidi. Watu walilipia haki ya kuuza, pamoja na haki ya kuvuna kwa kuingiza wengine bila kujali kama bidhaa imemfikia mtumiaji. Mwaka 2024 watumishi wa tume hiyohiyo walipitia taarifa za mapato za kampuni 70 za uuzaji wa mtandao, za bidhaa mbalimbali. Wengi wa washiriki walipata dola 1,000 au pungufu kwa mwaka, na taarifa nyingi hazikutoa gharama zao kabla ya kutaja kipato.

Kwa hiyo usilipe kwanza. Azima katalogi wiki mbili, upokee oda zilizolipiwa na watu wasio wanachama, halafu uone zimefika ngapi. Omba mkataba, usome kipengele cha kurudisha mzigo. Kanuni za shirikisho la dunia la kampuni hizi zinataka kampuni inunue tena bidhaa inayouzika iliyonunuliwa ndani ya miezi 12, ikikata si zaidi ya asilimia 10. Muulize anayekuandikisha ni lini mara ya mwisho alimwona mtu akirudisha mzigo, na alilipwa baada ya siku ngapi.