Umelipa Sh5,000 za kripto: kwa nini zimefika pungufu?

Mfanyabiashara wa vifaa vya simu pale soko la Kibuye, Kisumu, anataka kuagiza mzigo kutoka ng'ambo. Muuzaji anadai 38 USDT. USDT ni sarafu ya kidijitali iliyotengenezwa ifuate thamani ya dola moja ya Marekani. Tuseme dola leo ni Sh129. Hesabu ya haraka inampa Sh4,902, kwa hivyo anaona Sh5,000 zinatosha na hata chenji itabaki. Analipa kwa M-Pesa, kisha anatuma. Muuzaji anapokea 35.77 USDT na kusema mzigo hautoki mpaka deni liishe.

Hakuna aliyeibiwa. Pesa zimekatwa mara tatu njiani. Viwango tunavyotumia hapa ni vya mfano. Vya kwako utaviona kwenye skrini.

Mkato wa kwanza: ada ya jukwaa

Hii ndiyo inayoandikwa wazi. Tuseme jukwaa linatoza asilimia 2, yaani Sh100. Tangu Julai 2025, Kenya inatoza ushuru wa asilimia 10 juu ya ada kama hizi. Ushuru huo ni wa ada, si wa pesa zako zote, kwa hivyo hapa ni Sh10. Zinabaki Sh4,890 za kununulia.

Ukilipa kwa kadi, ada hii mara nyingi huwa kubwa zaidi. Na kama jukwaa linatoza kwa dola, benki yako inabadilisha shilingi kwa bei yake yenyewe, jambo ambalo utaliona tu kwenye taarifa ya akaunti.

Mkato wa pili: pengo la bei

Huu ndio unaofichika. Dola ni Sh129, lakini jukwaa linakuuzia USDT moja kwa Sh133. Tofauti ya Sh4 ni faida yake, na haiitwi ada popote. Ndiyo maana tangazo la "kununua bila ada" linaweza kuwa kweli na bado ukalipa ghali. Sh4,890 ukigawa kwa 133 unapata 36.77 USDT. Kwa bei ya Sh129 ungepata 37.91.

Ukinunua moja kwa moja kwa mtu anayeuza kwenye jukwaa, ni vivyo hivyo: huenda usikatwe ada, lakini faida yake iko ndani ya bei, na gharama ya kutuma M-Pesa ni juu yako.

Mkato wa tatu: ada ya mtandao

Mtandao hapa si Safaricom wala Airtel. Ni mfumo wa kompyuta unaosafirisha sarafu kutoka pochi moja hadi nyingine. Ada hii unaiona unapotuma, si unaponunua, na kwa kawaida haifuati kiasi unachotuma. Tuseme ni 1 USDT: zilizofika ni 35.77.

Kwa jumla, Sh110 ni ada na ushuru, takriban Sh147 ni pengo la bei, na Sh129 ni mtandao. Hizo ni Sh386, karibu asilimia 8 ya Sh5,000.

Kwa kuwa ada ya mtandao haipungui, mwenye pesa kidogo ndiye huumia. Kwa viwango hivyo hivyo, anayelipa Sh1,000 hupoteza takriban Sh180, yaani asilimia 18.

USDT hiyo hiyo hupita kwenye mitandao tofauti, kama TRC20 na ERC20, na bei zake hutofautiana. Lakini usichague ya bei nafuu kabla ya kumuuliza anayepokea anatumia upi. Ukituma kwa mtandao ambao pochi yake haipokei, huenda pesa hizo zisirudi kabisa.

Piga hesabu kutoka mwisho

Anza na kinachotakiwa kufika. Muuzaji anataka 38. Ongeza 1 ya mtandao, zinakuwa 39. Zidisha kwa Sh133, unapata Sh5,187. Ada na ushuru ni asilimia 2.2 ya unacholipa, kwa hivyo gawa kwa 0.978. Jibu ni Sh5,304. Hizo ndizo alizopaswa kulipa.

Ukilinganisha majukwaa mawili, usilinganishe ada. Weka kiasi kile kile cha shilingi kwenye yote mawili, fika hadi skrini ya kuthibitisha, toa ada ya mtandao, kisha tazama ni USDT ngapi zitafika. Bei ya dola ya siku iko kwenye tovuti ya Benki Kuu ya Kenya. Fanya haya kabla ya kuweka PIN, kwa maana muamala wa kripto ukishathibitishwa na mtandao hauwezi kurudishwa kama vile ungeomba kurudishiwa pesa za M-Pesa ulizotuma kwa nambari isiyo sahihi.