Kineno "De" cha Kifaransa, Mahali Kipimo na Kukanusha Vinapokutana

Mtu aliyelelewa katika Kiswahili, kisha akakaa darasani mwa Kifaransa, iwe Bukavu au Bujumbura, ambako lugha hizi mbili zimekuwa jirani kwa muda mrefu, hukutana mapema na sharti moja ambalo lugha yake mwenyewe haikumzoesha. Kwa Kiswahili husema "nataka maziwa," na jina "maziwa" likasimama peke yake bila ya kuhitaji msaidizi. Lakini kwa Kifaransa hawezi kusema "je veux lait," kwani jina la kitu kisichohesabika, kama maziwa, unga au chumvi, aghalabu hukataa kutoka nje pasipo kutanguliwa na kibainishi. Sharti aseme "je veux du lait," na kile kineno "du" ndicho wanachuoni wa sarufi wanachokiita kibainishi cha sehemu, kwa kuwa kinatangaza kwamba kinachotakwa ni sehemu ya kitu, isiyotajwa kadiri yake.

Kibainishi hiki kina sura nne: "du" kwa majina ya kiume, "de la" kwa ya kike, "de l'" mbele ya irabu, na "des" kwa wingi. Mwanafunzi akishazihifadhi hudhani kazi imekwisha, ndipo anapoambiwa kwamba akikanusha, au akitaja kipimo, sura zote nne huporomoka na kubaki kineno kimoja kifupi, "de." Hasemi tena "je n'ai pas du lait" bali "je n'ai pas de lait," wala hasemi "beaucoup du lait" bali "beaucoup de lait." Vitabu vingi vya shule huitaja kanuni hii kwa mstari mmoja na kupita, kana kwamba ni amri iliyoshuka bila ya sababu, na hivyo kumwachia mwanafunzi mzigo wa kukariri jambo ambalo lina asili yake, na asili hiyo ikijulikana, mzigo wenyewe hupungua sana.

Tuanze na hali ya zamani. Katika Kifaransa cha karne za kati watu walisema "mangier pain" na "boire vin," yaani kula mkate na kunywa mvinyo, na majina yakasimama yenyewe kama yanavyosimama katika Kiswahili hata leo. Neno "de" lilikuwa na maana ya "kutoka katika," na mtu aliposema kwamba amekula "del pain," muungano wa "de" na "le," alikuwa na mkate mahsusi machoni pake, ule uliowekwa mezani, naye akamega kutoka humo. Taratibu, karne baada ya karne, maana ya mkate ule unaojulikana ilififia, ikabaki maana ya sehemu tu, na kufikia karne ya 17 kibainishi hiki kilikuwa kimekwisha kuwa cha lazima katika lugha ya kawaida. Kwa hiyo ndani ya "du" ya leo mna maneno mawili yaliyoshikana: "de" yenye kumega, na "le" yenye kuainisha.

Hapo ndipo penye ufunguo, na njia rahisi ya kuuona ni kuingia jikoni. Mpishi wa Kifaransa anayetaka kutengeneza chapati za maji, ambazo kwao huitwa "crêpes," akiulizwa kinachohitajika bila ya kutajwa vipimo, atajibu kwamba panahitajika "de la farine," yaani unga, "du lait," "du sel," yaani chumvi, na "des œufs," yaani mayai. Lakini akianza kupima, maneno yake hubadilika yote: "250 grammes de farine," "un demi-litre de lait," "une pincée de sel," ambayo ni chumvi ya kushikwa kwa ncha za vidole, na "un peu de beurre," siagi kidogo ya kupaka kikaangoni. Mayai peke yake hayachukui "de," kwa kuwa hayapimwi bali huhesabiwa, na namba "quatre" inatosha kulitangulia jina: "quatre œufs."

Kilichotokea ni nini? Nusu lita, gramu na kiasi kile cha ncha za vidole ni vipimo, na kipimo huhitaji kiungo cha kukifunga na kitu kinachopimwa, kama Kiswahili kinavyosema "kikombe cha chai" na "kilo ya sukari," ambapo baada ya kiunganishi jina hukaa wazi. Kiungo hicho kwa Kifaransa ni "de" ileile. Kama kibainishi cha sehemu kingaliachwa mahali pake, ingalipasa kusema "un demi-litre de du lait," na "de" mbili zingalifuatana, moja ya kufunga na moja ya kumega, jambo ambalo lugha hii hailikubali kabisa. Wanachuoni wa Port-Royal, Arnauld na Lancelot, katika sarufi yao iliyotoka mwaka 1660, walikwisha kulitambua hili, wakalieleza kuwa ni kukwepa sauti isiyopendeza sikioni. Maelezo ya sauti peke yake pengine hayatoshelezi, kwani lugha huvumilia mengi yasiyopendeza. Hata hivyo walichokiona ni kweli, tena kinatokea hata pasipo na kipimo chochote. Mfaransa anayehitaji maziwa husema "j'ai besoin de lait," na meza iliyojaa unga huiita "couverte de farine," kwa sababu maneno haya nayo huja na "de" yao wenyewe, na ikishakuwapo hiyo, kibainishi cha sehemu hakina pa kukaa.

Ushahidi wa upande wa pili ni kwamba kibainishi kinachoainisha kwa kweli hakimezwi. "Un litre de lait" ni lita ya maziwa yoyote, lakini "un litre du lait que tu as apporté" ni lita moja katika maziwa yale uliyoleta, na hapa "du" imerudia maana yake ya kale kabisa, maana ya kumega kutoka katika kitu kinachojulikana. Ndiyo sababu pia husemwa "la plupart des œufs," sehemu kubwa ya mayai, kwa kuwa aghalabu sehemu kubwa hutajwa kwa kitu ambacho jumla yake imekwisha kufahamika. Na neno "bien," ambalo nalo huweza kuonyesha wingi, husema "bien du lait" bila ya kupunguza chochote, kwani asili yake si kipimo bali ni neno la kusisitiza, maana yake "vyema" au "hasa," na kwa hiyo halikuja na "de" ya kufungia.

Sasa tugeukie kukanusha, ambako pana jambo la kupendeza zaidi. Neno "pas," ambalo leo ndilo nguzo ya ukanushi wa Kifaransa, asili yake ni jina la kawaida lenye maana ya hatua ya mguu. Katika zama za kale "ne" pekee ilitosha kukanusha, lakini wasemaji, kwa kutaka kutilia nguvu, waliongeza jina la kitu kidogo kabisa kinachofaa kitendo: asiyekwenda hakwenda hata hatua, "pas", asiyekula hakula hata chembe ya mkate, "mie", asiyekunywa hakunywa hata tone, "goutte", na kwa mambo mengine hata nukta, "point." Msemaji wa Kiswahili hana haja ya kufasiriwa desturi hii, kwani naye husema "sina hata chembe ya shaka." Mtaalamu wa Denmaki, Otto Jespersen, katika kitabu chake cha mwaka 1917 juu ya ukanushi, alieleza jinsi maneno kama haya yanavyoanza kuwa ya kutilia nguvu, kisha yakawa ya lazima, na mwishowe yakabeba ukanushi wote, hata "ne" yenyewe ikawa hudondoshwa katika mazungumzo ya kila siku.

Chembe, tone na nukta ni nini, ikiwa si vipimo? Vipimo vidogo mno, lakini vipimo, na kipimo, kama tulivyoona jikoni, hudai "de." Anayesema "je n'ai pas de lait" yuko katika mpango uleule wa "un demi-litre de lait," isipokuwa kipimo chake kimepungua hata kikawa si kitu. Desturi ikishakaa, ikaenea hata kwa maneno ambayo hayakuwa vipimo kamwe, kama "jamais," yaani kamwe, hata ikafika mahali pasipo na "pas" wala "ne": husemwa "sans faire de bruit," pasipo kufanya kelele, na kwa "sans" kukanusha, "de" hutokea. Kibainishi cha umoja "un" nacho huanguka vivyo hivyo: mwenye yai husema "j'ai un œuf," na asiye nalo "je n'ai pas d'œuf," ilhali "pas un œuf" ni mkazo wa pekee, kwamba hata moja halipo.

Mipaka ya kanuni hii yafaa kujulikana, kwa kuwa ndiyo inayowakwaza wengi. "De" huja pale ukanushi unapoondoa kuwapo kwa kitu chenyewe. Mpishi akionja kilichomo jagini na kugundua kwamba amedanganyika, atasema "ce n'est pas du lait, c'est de l'eau," si maziwa haya, ni maji. Na "du" imesalia nzima, kwani haikusemwa kwamba jagi ni tupu, kilichokanushwa ni aina ya kilichomo. Hali kadhalika "je ne bois que du lait," sinywi ila maziwa, ijapokuwa ina "ne," inathibitisha maziwa wala haiyakanushi. Na "je n'aime pas le lait," siyapendi maziwa, haina cha kupunguza, kwa kuwa pale tangu mwanzo palikuwa na "le" peke yake, maziwa kwa ujumla wake, wala si sehemu.

Kuna neno moja ambamo kipimo na kukanusha vimekutana waziwazi, nalo ni "plus." Asili yake ni "zaidi," na "plus de lait" ni maziwa zaidi, lakini pamoja na "ne" limekuwa na maana ya "tena," na "il n'y a plus de lait" ni kwamba maziwa yamekwisha. Katika pande zote mbili ni "de" ileile inayofuata. Katika maandishi "ne" huzitenga maana hizi, lakini katika mazungumzo ya haraka "ne" hudondoka, na mpishi anayeambiwa "il y a plus de lait" hana dalili nyingine ila herufi "s" ya mwisho: ikisikika, maziwa yameongezeka, ikinyamaza, amtume mtu dukani.