Asiyesikia la mkuu, na damu ya Kizulu

Methali moja imenipa taabu mara mbili hapa Malvern, nyumba ileile, karibu na Jules Street. Mpangaji ni mama wa Tanga, mwenye nyumba ni bibi wa Kizulu, nami ndiye mkalimani wao wa kujitolea.

Mara ya kwanza mjukuu wa bibi alikatazwa kupanda ukuta, akapanda, akaanguka na kuteguka mguu. Mama akacheka: "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Ningeitafsiri neno kwa neno mbele ya mtoto anayechechemea ingesikika kama apizo. Basi nikatoa ya Kizulu: "Isala kutshelwa sibona ngomopho," yaani anayekataa kuambiwa huona kwa kutoka damu. Sikuifikisha mwisho, bibi akanimalizia mwenyewe huku anacheka. Hapo methali ya wenyeji ilifanya kazi yake.

Mara ya pili ilikuwa Septemba 2019, siku chache baada ya magari na maduka kuchomwa Jules Street. Kijana wa bibi alichomeka majiko mawili ya umeme kwenye waya mmoja wa kuunganishia. Mama alikuwa amemwonya. Soketi ikaungua. Mama akasema tu, "Asiyesikia la mkuu..." akaishia hapo, kama tunavyofanya sote. Mimi, msomi mzima, nikaimalizia kwa Kizulu. Kijana akanikazia macho: damu ya nani?

Kosa langu ni nini? Kimaana methali hizi ni pacha. Hata sarufi zimekaribiana: "hu-" yetu haitaji mtu, na "si-" ya "sibona" inafuata ngeli ya "isala", kwa hiyo zote mbili hazimnyooshei mtu kidole. Ila yetu ina mkuu, na uzito wake uko hapo (guu limekuzwa ili lilingane na kuu, wala hakuna anayefikiria mfupa). Ya Kizulu haina mkuu kabisa. Ina damu. Mama alikuwa anadai heshima ya utu uzima, mimi nikampelekea kijana damu, tena kutoka kinywani mwa mgeni, wiki ile!

Nilirekebisha kwa kuacha methali zote mbili: "Mama anasema alikuonya kama mzazi, na inamuuma kuona hukumsikia." Kijana akalegea, akaomba radhi, jioni akaleta soketi mpya.

Siku hizi kabla ya kuchagua naangalia kama picha iliyomo kwenye methali imeshakaa chumbani. Mguu ukiwa umeumia kweli, sitaji guu. Damu ikiwa inaogopwa, sitaji umopho. Na msemaji akikata methali katikati, siimalizii tena, maana mara nyingi kile alichokiacha amekiacha makusudi. Mama aliniambia baadaye, "Mwanangu, mimi nilinyamaza, wewe ulikuwa unakimbilia wapi?"