Kijani mbili kwa mpigo mmoja

Kwenye njia panda yenye taa za kuongozea magari, kosa lisilosameheka ni kijani kuwaka kwa barabara zote mbili pamoja. Tuseme taa hizo zinaendeshwa na saketi yenye biti nne za kumbukumbu. Biti ya kwanza ikiwa 1, barabara ya kwanza inapata kijani. Ya pili ni njano yake. Ya tatu na ya nne ni kijani na njano za barabara ya pili. Kila mpigo wa saa, biti zote husogea nafasi moja kulia na ya mwisho hurudi mbele. Saketi ikiwashwa huanza na 1000, kisha 0100, 0010, 0001, na mzunguko unaanza upya.

Hapa mtu anaweza kukagua hali zote nne kwa macho. Saketi yenye biti mia haikaguliki hivyo, ndiyo maana wahandisi hutumia induksheni. Kwanza huonyesha kwamba hali ya kuanzia ni salama. Kisha huonyesha kwamba kutoka hali yoyote salama, mpigo mmoja hauwezi kuzaa hatari.

Hatua ya pili inakwama. Chukua 0101: njano mbili, hakuna kijani, kwa hiyo ni salama. Piga saa mara moja, unapata 1010, kijani mbili! Je, saketi ni mbovu? La. Ukianzia 1000 hutaiona 0101 hata saa ikipiga mwaka mzima. Hesabu ilikwama kwa sababu ilianzia mahali ambapo saketi haifiki.

Lakini haitoshi kusema tu kwamba haifiki. Hilo nalo lithibitishwe. Dawa yake ni kudai zaidi: kila wakati, biti moja tu ndiyo yenye 1. Hali ya 1000 inatimiza dai hilo, na kuzungusha biti hakuongezi wala hakupunguzi idadi ya 1. Induksheni inapita. Biti moja haiwezi kuwasha kijani mbili, basi kazi imekwisha. Kati ya hali 16 zinazoandikika, 12 zimebaki nje ya uzio, na hakuna mpigo unaovuka kwenda huko. Wala si lazima uzio ulingane kabisa na hali zinazofikika. Unaweza kuwa mpana zaidi, mradi hakuna hatari ndani yake.

Mwaka 2000, Mary Sheeran, Satnam Singh na Gunnar Stålmarck walieleza njia nyingine: kudai hali kadhaa salama zinazofuatana kabla ya kupiga hatua. Kwa taa zetu mbili zinatosha, kwani hali pekee inayozaa 0101 ni 1010, ambayo yenyewe ni hatari. Hali nyingine zenye hila hukataliwa vivyo hivyo.

Uthibitisho huu, hata hivyo, unahusu saketi iliyochorwa. Angani, mnururisho unaweza kugeuza biti ndani ya setilaiti na kuitupa saketi nje ya uzio. Anayehofia hilo huongeza saketi ya kurudisha kila hali ngeni kwenye 1000, na hapo zile 12 zinaingia tena kwenye hesabu.