Pandikizi Linapomkana Mwenyeji

Ukiuliza ni nani anafaa kuliko wote kumchangia uloto mgonjwa wa saratani ya damu, wengi watakujibu: pacha wake wa kufanana. Jibu hilo ni nusu tu ya ukweli. Seli za pacha haziudhuru mwili wa mgonjwa hata kidogo, ila saratani huwarudia wagonjwa wa namna hiyo mara nyingi zaidi kuliko waliochangiwa na kaka au dada wa kawaida. Anayeelewa kwa nini iko hivyo ameshaelewa kiini cha tiba hii.

Uloto ni ule ute ulio ndani ya mifupa. Ule tunaoufyonza kwenye supu ya mguu wa ng'ombe ni mafuta zaidi. Uloto unaotengeneza damu kwa mtu mzima ni mwekundu, nao umo hasa kwenye nyonga, uti wa mgongo na kidari. Humo mna seli mama, ambazo kila siku huzaa chembe zote za damu, nyekundu na nyeupe. Katika saratani ya damu, chembe nyeupe changa huzaana ovyo bila kukomaa na kuzibana nyingine. Tibakemikali huziua, lakini mara nyingi huacha mabaki. Dozi kubwa ya kuyafikia mabaki hayo huuangamiza na uloto wenyewe, kwa hiyo mgonjwa lazima apewe mwingine.

Dk. E. Donnall Thomas wa Marekani alichapisha mwaka 1957 habari za wagonjwa sita waliotiwa uloto wa watu wengine. Wote walifariki. Wakati ule hakuna aliyejua namna ya kumchagua mchangiaji. Thomas hakuacha, na mwaka 1990 alipewa Tuzo ya Nobeli.

Kinachotazamwa kwanza si kundi la damu, kama wengi wanavyodhani. Ni alama zilizo juu ya seli zetu, ziitwazo HLA, ambazo askari wa mwili huzitumia kujua nani ni wa nyumbani na nani mgeni. Kila mtu ana seti mbili za alama hizo, moja ya baba na moja ya mama. Kwa kuwa kila mzazi naye ana mbili na humpa mtoto moja tu, ndugu wa baba mmoja na mama mmoja wana nafasi moja katika nne ya kufanana kabisa.

Tumchukue mgonjwa wa kufikirika: seremala wa Tanga, miaka 34, kilo 60, mwenye saratani kali ya damu iliyotulizwa kwa tibakemikali lakini ni ya aina inayorudi. Ana ndugu sita. Wawili ni wa mama mwingine, na hao kwa kawaida hawawezi kuzidi nusu ya kufanana. Waliobaki ni wanne, na nafasi ya kumpata walau mmoja anayelingana naye ni kama 68 katika 100. (Vipimo hivi huweza pia kufichua kwamba baba anayejulikana siye aliyemzaa mtoto. Ni vyema daktari na familia wakubaliane mapema nini kitasemwa na nini kitanyamaziwa.)

Asingepatikana ndugu, wangetafuta katika madaftari ya kimataifa ya wachangiaji, yenye watu zaidi ya milioni 40. Lakini wengi wao wana asili ya Ulaya, na alama za Waafrika zinatofautiana mno, kwa hiyo Mwafrika hupata wa kulingana naye kwa shida. Siku hizi hata mwenye nusu ya alama, yaani mzazi au mtoto, anaweza kuchangia. Siku ya tatu na ya nne baada ya kupandikiza, mgonjwa hupewa dawa ya saiklofosfamidi, nayo huziua chembe za mchangiaji zilizoanza kuchachamaa na kuziacha seli mama salama. Njia hiyo iliendelezwa Baltimore, na imewafungulia mlango wengi waliokuwa hawana mtu.

Seremala wetu amelingana na dada yake, mama wa watoto wawili. Kuna dosari ndogo hapo: mwanamke aliyewahi kubeba mimba, akimchangia mwanamume, huongeza hatari ya madhara ya baadaye. Kwa kuwa hakuna mwingine, wanaendelea. Dada anadungwa sindano kwa siku nne au tano ili seli mama zitoke mifupani na kuingia kwenye damu, kisha anakaa saa kadhaa kwenye mashine inayozichuja. Kaka kwa wiki nzima anapewa dawa kali. Siku iitwayo sifuri, mfuko wa seli unaning'inizwa kama chupa ya damu. Hakuna upasuaji. Seli zinazunguka na damu na kuitafuta mifupa zenyewe.

Siku ya 17 chembe nyeupe za ulinzi zinavuka 500 kwa kila milimita ya ujazo: uloto umeshika. Akiwa bado kwenye dawa za kuwatuliza askari wapya, anaruhusiwa kuhamia nyumba ya jirani na hospitali.

Siku ya 31 viganja vinaanza kumwasha, halafu nyayo na masikio. Kwenye ngozi nyeusi usitegemee kuona wekundu; ngozi huwa nyeusi zaidi, ikapata joto na kuuma. Siku mbili baadaye anaharisha maji, zaidi ya lita moja kwa siku. Huu ndio ugonjwa wa pandikizi dhidi ya mwenyeji: askari wa dada wameuona mwili wa kaka kuwa ni wa kigeni, wakashambulia ngozi na utumbo. Ini nalo hulengwa, na macho yakawa ya manjano. Kwa kuwa dawa na maambukizi huweza kuleta dalili zilezile, daktari anakata kipande kidogo cha ngozi na cha utumbo kwa uchunguzi. Kisha anaanza steroidi, miligramu 2 kwa kila kilo, yaani 120 kwa siku. Zisipofanya kazi ndani ya wiki moja hivi, huongezewa ruksolitinibu. Steroidi zenyewe hupandisha sukari na kufungua njia kwa fangasi na virusi, na wengi hufa kwa hayo badala ya ule ugonjwa wenyewe.

Seremala anapona, dozi inapunguzwa polepole. Mwezi wa nane macho na kinywa vinakauka na ngozi ya mikono inakaza. Hii ni sura ya pili ya ugonjwa uleule, isiyoua haraka lakini yenye kukaa kwa miaka.

Mbona basi wasiwaondoe askari hao wote kabla ya kupandikiza? Walijaribu, na saratani ikarudi. Mwaka 1979 timu ya Seattle ilionyesha kwamba waliougua ugonjwa huu walirudiwa na saratani mara chache zaidi. Askari walewale wanaochoma ngozi ndio wanaoziwinda seli za saratani zilizojificha. Askari wa pacha hawaoni mgeni yeyote, wala saratani hawaioni. Ndiyo maana saratani ikirudi, wakati mwingine daktari humrudia mchangiaji na kumwomba chembe nyeupe zaidi. Wanachotafuta kila siku ni ugonjwa kidogo, si mwingi.

Kama nyumbani kwako yupo aliyepandikizwa uloto wa mtu mwingine, mkinge na jua kali, kwa kuwa jua huweza kuuamsha ugonjwa huu. Na viganja vikimwasha au akianza kuharisha, usimpake mafuta wala usimnunulie dawa ya duka. Mpeleke kwa daktari wake siku hiyo hiyo.